Mchinja Nguruwe na Tyubu Nne za Damu

Katika maabara ninayofanyia kazi kuna kisanduku cha mbao chenye tyubu za kioo ambazo simruhusu mtu mwingine azioshe. Wenzangu hunicheka. Siku hizi karibu kila kitu tunachotumia ni cha plastiki, kinatumika mara moja na kutupwa, lakini kipimo kimoja kinahitaji kioo, tena kioo kisichokuwa na hata chembe ya sabuni. Damu ikigusa kioo huanza safari ya kuganda. Ikigusa plastiki husitasita, na sabuni iliyobaki inaweza kuizuia kabisa, ukampa daktari jibu la uongo.

Kipimo hicho ni cha watu walioumwa na nyoka. Huku kwetu Karagwe mtu akipalilia migomba, nyasi alizotandaza shambani zikiwa zimefika magotini, nyoka humuuma kabla hajajua kama yupo. Akiletwa kwetu namtoa damu kidogo, naiweka kwenye tyubu ya kioo na kuiacha dakika ishirini bila kuigusa, kisha naiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imeshakula vigandishi vyake na daktari anajua la kufanya. Ikibaki imeshikamana, tunapumua.

Kwa hiyo kwa miaka mingi nilizoea kuogopa damu isiyoganda. Huyu ninayetaka kusimulia habari zake alinifundisha kuogopa kinyume chake.

Alikuwa mchinja nguruwe wa Omurushaka. Wasafiri wa mabasi ya Bukoba na ya Kyerwa wanajua harufu ya kitimoto chake kabla hawajaona kibanda. Alikuja hospitalini kwetu Jumatatu asubuhi akiwa na mke wake, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana na uso uliovimba hata macho yakabaki kama nyufa. Mke alisema uvimbe ulianza miezi miwili nyuma, kwenye vifundo vya miguu, ukapanda. Walidhani ni uchovu wa kusimama. Wengine wakasema ni chumvi, wengine wakasema wamelogwa na jirani wa biashara. Kilichowaleta sasa ni mguu wa kushoto. Ulikuwa umevimba kuliko wa kulia, ukauma, ukawa na joto, na tangu Jumamosi hakuweza kuukanyaga.

Mkojo wake uliletwa kwangu. Ulikuwa na povu jeupe lililokaa juu, kama povu la sabuni ndani ya beseni. Nilichovya kijiti cha kupimia, na pale penye alama ya protini pakageuka kijani iliyokolea mpaka mwisho wa kipimo. Alama nne. Mtu mwenye figo nzima hatoi protini mkojoni. Figo ni chujio, na protini ni kubwa mno kupita. Chujio la huyu lilikuwa limetoboka.

Daktari wetu ni kijana, alikuwa na mwaka wa pili tu tangu aje kutoka chuoni, lakini ana tabia ninayoipenda: asipojua jambo anasema hajui. Alimpima mguu kwa altrasaundi akaniita nione. Alipoubana mshipa mkubwa wa paja kwa kifaa chake, mshipa haukulala kama inavyopasa. Ndani yake kulikuwa na damu iliyoganda. Alinieleza kwamba watu wenye ugonjwa huu wa figo damu yao huganda kwa urahisi, na hatari kubwa si mguu wenyewe. Kipande kinaweza kukatika, kikasafiri na mkondo wa damu, kikaenda kuziba mapafu.

Akaandika heparini. Sindano ya kwanza kwenye mshipa, zinazofuata chini ya ngozi ya tumbo, asubuhi na jioni. Heparini haiyeyushi damu iliyokwisha kuganda. Inazuia isiendelee kuganda, ili mwili upate nafasi ya kulimaliza bonge lenyewe pole pole. Hospitali kubwa zina mashine ya kupima kama dawa imefikia kiwango chake. Sisi hatuna, kwa hiyo daktari alikuja maabara na kuniuliza kama naweza kumpimia muda wa kuganda kwa njia ya zamani.

Nikatoa kisanduku changu cha mbao.

Njia yenyewe ni rahisi ila inataka subira. Unaweka damu kwenye tyubu, tyubu unaisimamisha kwenye beseni la maji yenye joto la mwili, na kila baada ya nusu dakika unaiinamisha kidogo na kuangalia. Kabla ya dawa, damu ya yule baba iliganda kwa dakika sita. Daktari alitaka, dawa ikishaingia, ifike ishirini mpaka thelathini.

Saa chache baada ya sindano ya kwanza nilipima tena. Dakika nane.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia kwa tyubu nyingine, nane na nusu. Kesho yake, Jumanne, katikati ya siku, ikawa tisa. Daktari akaongeza dozi. Jumatano ikawa kumi na moja, na asubuhi hiyo mgonjwa akalalamika kwamba akivuta pumzi ndani anachomwa ubavuni. Daktari alimsikiliza kifua muda mrefu, akampa oksijeni, akatoka wodini akiwa amekunja uso. Alihofia kwamba kipande kidogo kimeshasafiri.

Wakati kama huo watu hutafuta pa kutupia lawama. Kwanza ililaumiwa dawa, kwamba pengine ilikaa juani njiani, au ni bandia. Mfamasia akaja na boksi zima, akaonyesha tarehe, akaonyesha jinsi ilivyotunzwa. Halafu ukazuka mnong'ono kwamba pengine sindano hazichomwi zote. Sijui nani aliuanzisha. Muuguzi wa wodi ile ni mama aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, Mhaya, mkali kwa wanaochelewa na mpole kwa wagonjwa. Daktari alimuuliza kwa adabu tu, kama dozi ya jioni iliyopita ilichomwa yote. Yeye hakupandisha sauti. Alifungua kitabu cha wodi mahali alipotia saini, akaweka juu yake vichupa vitupu alivyokuwa amevitunza, akarudi kwa wagonjwa wake. Lakini mchana alikuja maabara na kukaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi nimechoma sindano kabla wewe hujazaliwa. Nitafutie ukweli wa jambo hili."

Sikuwa na kipimo cha kumtafutia ukweli huo. Nilikuwa na tyubu za kioo, beseni la maji ya joto na saa. Nilikaa nikiangalia kichupa kimoja kilichobaki na dawa kidogo chini. Nikafungua karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi, ile ambayo hakuna anayeisoma, na mstari wa pili nikakuta imeandikwa kwamba dawa imetengenezwa kutoka utando wa ndani wa utumbo wa nguruwe.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaendelea kusoma, nikafika mahali palipoandikwa kwamba heparini hufanya kazi kwa kuiamsha antithrombini ya damu. Neno hilo nililisoma chuoni, nikalikariri kwa ajili ya mtihani, nikalisahau. Sasa nililisoma mara tatu. Heparini haikuwa imeandikwa kwamba inazuia damu kuganda. Ilikuwa imeandikwa kwamba inaamsha kitu kingine, na kitu hicho kinatakiwa kiwe tayari ndani ya damu ya mgonjwa. Na kitu hicho ni protini.

Nikakumbuka povu la Jumatatu.

Sikukimbia kwa daktari. Nilitaka kwanza nione kwa macho yangu. Mimi ni kundi O, na yule baba, kwa kuwa nilikuwa nimempima, nilijua naye ni O, kwa hiyo damu zetu zingeweza kukaa pamoja bila kugombana. Nilichukua tone la ile dawa, nikalipunguza kwa maji ya chumvi mara nyingi mpaka likawa dogo sana, kiasi kile ambacho kingekuwa ndani ya damu ya mtu aliyechomwa dozi ya kawaida. Ningetia dawa kali, kila kitu kingezuiwa na nisingejifunza kitu. Kabla ya sindano ya mgonjwa ya jioni nilimwomba yule mama muuguzi anitoe damu mimi, kisha amtoe yeye, moja kwa moja, bila kupoteza dakika.

Tyubu zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa na damu yangu tupu. Ya pili damu yangu na ile dawa iliyopunguzwa. Ya tatu damu ya mgonjwa na dawa kiasi kilekile. Ya nne nusu damu yake na nusu yangu, na dawa ileile. Muuguzi alibaki amesimama nyuma yangu mikono kifuani. Tuliziinamisha moja baada ya nyingine.

Damu yangu tupu iliganda dakika ya nane, kama ilivyopasa. Ya mgonjwa ikashikamana dakika ya kumi na mbili, ingawa dawa ilikuwa ndani yake na nyingine ilikuwa tayari mwilini mwake. Damu yangu yenye dawa ilikuwa bado inateleza dakika ya thelathini. Hapo tukajua dawa ni nzima. Muuguzi alishusha mikono.

Lakini iliyonishika ni ya nne. Dakika ya kumi na mbili ilipita, ya kumi na tano ikapita, ya ishirini. Ilianza kuwa nzito kama uji dakika ya ishirini na nne. Damu yake peke yake ilikuwa imeshindwa kuitumia dawa, lakini ilipochanganywa na yangu ikaweza. Ina maana mimi nilikuwa nimeleta kitu ambacho yeye hakuwa nacho cha kutosha.

Daktari alisikiliza maelezo yangu yote amesimama mlangoni. Akaja akaiinamisha tyubu ya nne mwenyewe mara mbili. Akaniambia hili si jibu la kitabu. Wagonjwa wa namna hii maini yao nayo huzidisha vigandishi, na hiyo ni sababu nyingine ya dawa kulemewa. Kipimo halisi cha antithrombini kiko mbali na sisi. Lakini alisema inaeleweka, tena inaeleweka vizuri, na kwamba alipaswa kuikumbuka siku ya kwanza. Kisha akaenda wodini, akamkuta muuguzi anabadilisha mashuka, na mbele ya wagonjwa wote akamwambia, "Mama, nisamehe. Sindano zako zilikuwa sawa." Yule mama akamjibu kwamba ashike upande wa pili wa shuka.

Daktari akampigia simu bingwa aliyemfundisha, aliyeko hospitali kubwa ya Mwanza. Bingwa akakubaliana naye. Vidonge vya kuzuia damu kuganda tulivyokuwa navyo huchukua siku kadhaa kabla ya kushika, na mgonjwa hakuwa na siku hizo. Dozi ya heparini ingeweza kuongezwa tena, lakini kwa mgonjwa ambaye kifua kimeanza kuuma alishauri tumpe pia kile kilichopungua, na njia iliyokuwa karibu ilikuwa plazima, yale maji ya manjano ya damu ya watu wenye afya, ambamo antithrombini imo. Gari la hospitali lilikuwa linakwenda Bukoba kuchukua damu asubuhi. Likaagizwa lilete na plazima iliyogandishwa, ya kundi O.

Kulipopambazuka Alhamisi nilipita wodini kabla ya kuanza kazi. Nilimsalimia mgonjwa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvuta pumzi. Mke wake alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge mabegani. Daktari naye alikuwepo. Mgonjwa alikuwa amesikia habari za tyubu nne. Wodi haina siri. Alitaka kuelezwa. Wagonjwa wengi hutaka kujua kama watapona tu. Huyu alitaka kujua inakuwaje.

Daktari alivuta kiti. Alimweleza kwamba damu ya kila mtu ina vigandishi, na ukijikata ndivyo vinavyoziba jeraha. Ili visizibe na pale pasipotakiwa, kuna mlinzi anayeelea humo humo, ndiye antithrombini. Mlinzi akikutana na kigandishi anakikamata, na wote wawili wanaondoka kazini kwa pamoja. Tatizo la mlinzi huyu ni kwamba ni mzito. Kazi anaifanya, ila kwa mwendo wake. Heparini ni uzi mrefu wa sukari. Ukimshika mlinzi mahali fulani anabadilika umbo, mkono uliokuwa umekunjwa unajitokeza, na kile alichokuwa akikifanya kwa kujivuta sasa anakifanya mara elfu na zaidi kwa kasi. Kigandishi kimoja kikubwa, thrombini, hushikwa na uzi huohuo upande wa pili, kikavutwa mpaka kwa mlinzi. Wakishakamatana, uzi unaachia na kwenda kwa mlinzi mwingine.

Mgonjwa alifikiri kidogo. "Basi hiyo dawa ni kinoo," akasema. "Kisu ni changu mwenyewe."

Daktari alisema ndiyo, inaweza kusemwa hivyo.

"Na visu vyangu vinatoka na mkojo."

"Vinatoka na mkojo, baba."

"Sasa mnaninolea nini?" Akageuza uso kwa mke wake, akamweleza upya kwa Kinyambo, kirefu zaidi ya tulivyomweleza sisi. Mke akaitikia kwa heshima waitu, waitu, kila mara, na mwisho akauliza jambo moja: hicho kinoo kinatoka wapi.

Daktari aliniangalia. Kwa wagonjwa wengine hilo ni swali la kujibu kwa uangalifu, maana wapo ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe, na huwa tunawaambia mapema ili waamue wenyewe. Lakini huyu nilijua kazi yake. Nikamwambia dawa inatoka kwenye utumbo wa nguruwe, ule utando wa ndani unaoteleza.

Mgonjwa alijiinua kwa kiwiko. Kisha akaanza kuuliza, mfululizo, akisahau ubavu wake. Utumbo upi, mwembamba au mnene? Wanaukwangua au wanauchemsha? Nguruwe wangapi kwa kichupa kimoja? Alisema kwake ule utando huukwangua kwa mgongo wa kisu na kuwamwagia mbwa. Nikamwambia nisiyoyajua siyajui, ila nilisoma kwamba zamani walitumia pia mapafu ya ng'ombe, na kwamba mwanzo kabisa iligunduliwa kwenye ini la mbwa na mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akitafuta kitu cha kugandisha damu, akakutana na kinachozuia. Hilo la kutafuta hiki na kupata kile lilimfurahisha kuliko yote. Alisema katika kuchinja ameona damu maisha yake yote, na anajua kwamba damu ya nguruwe kwenye beseni usipoikoroga kwa kijiti mara moja inakuwa kama ini, lakini ukiikoroga nyuzi nyeupe zinajisokota kwenye kijiti na damu inabaki maji. Hakuwahi kujiuliza nyuzi hizo ni nini.

Mimi niliwahi. Nilipokuwa mdogo, nyumbani Rugera, tulichinja nguruwe mmoja kila Krismasi, na kazi ya kukoroga damu ilikuwa ya bibi yangu. Nilimuuliza kwa nini nyuzi, akasema ni mizizi ya damu. Chuoni niliambiwa zina jina lake, ni protini inayofumwa na thrombini kama wavu, na wavu huo ndio unaoishikilia damu ikaganda. Jina la bibi naona halikuwa baya.

Gari lilirudi kutoka Bukoba baada ya chakula cha mchana. Ndani ya sanduku la baridi kulikuwa na mifuko miwili migumu kama matofali, ya rangi ya asali. Kuyeyusha plazima ni kazi ya maabara. Nilipasha maji ya beseni lilelile la tyubu mpaka joto la mwili, si zaidi, maana likizidi protini zinaungua na unampa mgonjwa maji ya bure. Nikaitia mifuko ndani ya mifuko mingine safi ya plastiki, nikaishikilia ndani ya maji, nikiigeuza. Ilichukua karibu nusu saa. Niliona barafu inalegea, inakuwa vipande, inakuwa mawingu, halafu inakuwa maji ya manjano yaliyotulia. Ndani yake walikuwamo walinzi wa watu wawili nisiowajua, waliojitolea damu mahali fulani bila kujua itakwenda kwa nani.

Daktari aliiingiza kwa dripu polepole, na dawa ya kupunguza maji mwilini ikiwa tayari, kwa kuwa mtu aliyevimba vile hapaswi kujazwa maji mengine ovyo. Muuguzi alikaa kando ya kitanda muda wote, akipima shinikizo la damu na kuuliza kama kuna mwasho. Kisha akachoma heparini ya jioni. Alimwita mke wa mgonjwa aje aone bomba la sindano likiisha lote mpaka mwisho. Nadhani mnong'ono ule ulikuwa bado unamuuma.

Ijumaa katikati ya asubuhi nilichukua damu mwenyewe. Nilitumia tyubu mbili ili nisijidanganye. Dakika ya kumi na moja ilipita. Nilikuwa nimejiambia nisiwe na haraka, lakini ilipofika ya kumi na tano moyo ulianza kunidunda kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ya ishirini, inateleza. Ya ishirini na mbili, inateleza. Tyubu ya kwanza iliganda dakika ya ishirini na sita, ya pili ishirini na saba.

Nilizipeleka zote mbili wodini, nikijua kwamba karatasi ingetosha. Daktari alizitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaniwekea mkono begani. Mgonjwa aliomba aone. Nikamwonyesha damu yake, akaitazama kama anavyotazama nyama, kwa jicho la kazi, akauliza dakika ngapi. Nilipomwambia, akamtajia mke wake namba hiyo mara mbili.

Haikuishia hapo, na sitaki kusimulia kama kwamba mifuko miwili ilimaliza ugonjwa. Antithrombini aliyopewa nayo ilianza kutoka na mkojo, kwa sababu chujio lilikuwa bado limetoboka. Jumamosi muda wa kuganda ulishuka mpaka kumi na tisa, tukaagiza mfuko mwingine. Lakini siku zile zilitosha. Vile vidonge, alivyoanzishiwa siku ileile ya plazima na ambavyo havipiti kwa mlinzi bali hulizuia ini lisiweze kukamilisha baadhi ya vigandishi, vilianza kushika. Maumivu ya ubavu yakapungua. Wiki iliyofuata alipelekwa Mwanza kwa ajili ya figo, na mama muuguzi ndiye aliyefuatana naye kwenye gari mpaka huko, ingawa zamu haikuwa yake.

Alikaa Mwanza wiki tano. Walimpa dawa za kutuliza figo, na taratibu mkojo ukaacha povu. Nilizipata habari hizi kwa daktari, maana mimi kwa kawaida sijui watu wanaishia wapi. Kwangu mtu ni tyubu yenye namba. Huja, huondoka, na mara nyingi sijui hata sura yake.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa naelekea Chonyonyo kwenye harusi ya binamu yangu, nikashuka Omurushaka kubadili gari. Nilimtambua kwa mabega. Uso ulikuwa umerudi kuwa wa mtu, mwembamba, wenye mashavu na macho. Mke wake ndiye aliyekuwa anakata nyama. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ameunyoosha, ndani ya soksi ndefu ya kubana. Aliniita daktari. Nikamwambia kama siku zote kwamba mimi si daktari, na kama siku zote hakunisikia. Akanipa akamwani, kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, akaniuliza habari za nyumbani, za mama muuguzi, za kazi. Kisha akasema ana swali ambalo alilibeba kutoka Mwanza. Huko aliwauliza watu wawili na hawakumjibu.

"Mtu anatoa hiyo kitu kwenye utumbo wa nguruwe ili damu ya mtu isigande," alisema. "Sawa. Lakini nguruwe mwenyewe, Mungu alimwekea ya nini? Damu ya nguruwe inaganda. Nimeiona inaganda kila siku."

Swali hilo sikuwahi hata kujiuliza. Nilimwambia nitatafuta, naye akachukulia kwamba nitatafuta kweli, akanipa namba yake ya simu.

Nilitafuta. Jioni mbili nilisoma kwenye simu, baada ya harusi, nimekaa kwa shangazi kwenye benchi nje ya jiko. Nilichopata ni kwamba heparini hukaa ndani ya chembechembe fulani za mwili zinazolinda pale ambapo mwili unakutana na nje, yaani kwenye utando wa utumbo, kwenye mapafu, kwenye ngozi. Humo imefungashwa pamoja na silaha nyingine za chembechembe hizo, na inaonekana kazi yake moja ni kusaidia kuzifungasha vizuri. Kama ina kazi nyingine, wajuzi bado wanabishana. Kwamba ikichukuliwa na kuchomwa kwenye mshipa wa binadamu inamshika antithrombini na kumharakisha, hilo ni jambo ambalo watu walilikuta, si lazima liwe ndilo lililokusudiwa.

Nilimpigia. Nilimsikia akimwambia mtu anyamaze ili asikie vizuri. Nilimsomea polepole, nikitafsiri pale nilipoweza, na pale nisipoweza nikasema siwezi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza kama na sisi binadamu tunayo hiyo kitu tumboni mwetu. Nikamwambia tunayo. Akauliza kama kuku anayo.

Nikamwambia nitaangalia.